Ankara ya Marekani imeandikwa "2/10 NET 30 EOM": mwisho wa kulipa ni lini, na punguzo linakatwa kwenye nini?

MtunzaVitabu_Vingunguti (Jumanne, 29 Julai 2025)

Wadau wa hesabu, habari za jioni. Ninatunza vitabu katika kampuni ndogo hapa Vingunguti inayoagiza pampu za maji na vipuri vyake. Miaka yote tumekuwa tukinunua kwa kulipa kabla ya mzigo kuondoka, kwa hiyo suala la kukopeshwa na muuzaji wa nje ni geni kwetu. Safari hii muuzaji aliyeko Marekani amekubali kutuma mzigo kwanza na kulipwa baadaye. Ankara yake ilinifikia kwa barua pepe wiki iliyopita, na sehemu inayonitatiza ni hii:

```
INVOICE DATE: 18-JUL-2025
GOODS          USD 24,000.00
FREIGHT + INS  USD  1,600.00
TOTAL          USD 25,600.00
TERMS: 2/10 NET 30 EOM
```

Mzigo uko melini na hautarajiwi kufika bandarini kabla ya mwezi wa tisa. Bosi ameniuliza maswali mawili ambayo nimeshindwa kuyajibu kwa uhakika: tarehe ya mwisho ya kulipa ni ipi, na je, ile asilimia 2 ina maana yoyote kwetu au ni pambo la karatasi? Naomba mwongozo wa mtu aliyewahi kulipa ankara ya aina hii.

Kijana_wa_Msimbazi

Ndugu yangu, hiyo ni rahisi. Hapo wanataka asilimia 30 mbele, na salio unalimaliza mwisho wa mwezi. Mimi nachukua mzigo Guangzhou kila baada ya miezi michache na utaratibu ni huo huo: 30 kwanza ili kiwanda kianze kazi, 70 kabla ya kontena kupakiwa. Ukichelewesha salio, mzigo unakaa kwao.

Bi_Stoo

Kijana, hapana. Mzigo wake umekwishapakiwa na hajalipa hata senti, kwa hiyo hilo la malipo ya awali halipo hapa. Hiyo 30 ni siku.

Ukaguzi_Ilala

Ni kweli, 30 ni siku. Masharti yanasomeka hivi: ukilipa ndani ya siku 10 unapata punguzo la asilimia 2, na usipolipa ndani ya siku hizo unadaiwa kiasi chote ndani ya siku 30. Ankara ni ya tarehe 18 Julai, kwa hiyo siku 10 ziliisha jana tarehe 28, na siku 30 zinaisha tarehe 17 Agosti. Punguzo limekwishakupita, ndugu. Mwambie bosi aandae dola 25,600 kabla ya tarehe 17 na msahau mengine.

Mzee_Mizania

Ndugu Ukaguzi_Ilala angekuwa sahihi kabisa kama mstari ule ungeishia kwenye NET 30, lakini haukuishia hapo. Zile herufi tatu za mwisho, EOM, zinahamisha mahali pa kuanzia kuhesabu. Siku hazianzi kwenye tarehe ya ankara. Zinaanzia mwisho wa mwezi ambamo ankara imeandikwa. Ankara ya tarehe 2 Julai, ya tarehe 18 Julai na ya tarehe 25 Julai zote husubiri tarehe 31 Julai, kisha ndipo siku 30 zinaanza kuhesabiwa, na zote zinaangukia tarehe 30 Agosti. Muuzaji anapenda utaratibu huu kwa sababu wateja wake wote wa mwezi mmoja wanakuwa na tarehe moja, naye anafuatilia madeni mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la bosi ni tarehe 30 Agosti 2025. Tarehe 17 si kosa litakalowagharimu faini, lakini mtakuwa mmetoa fedha wiki nzima na ushei kabla ya muda bila kupata chochote kwa wema huo.

Swali la punguzo linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mstari ulivyoandikwa unaweza kusomwa kwa namna mbili na watu waaminifu kabisa. Kwa desturi ya biashara ya Marekani, EOM inapokuwa mwishoni mwa mstari hutawala vyote viwili, punguzo na deni zima, hivyo punguzo huisha tarehe 10 ya mwezi unaofuata, yaani 10 Agosti. Lakini wapo wauzaji ambao kwao EOM inashika NET 30 peke yake na zile siku 10 hubaki kwenye tarehe ya ankara, na hao watakuambia kwamba punguzo liliisha jana, kama alivyosema Ukaguzi_Ilala. Karatasi peke yake haiwezi kuamua. Mwandikie muuzaji leo usiku, kwa kuwa kwao bado ni mchana, umuulize mambo matatu: tarehe kamili ya mwisho ya punguzo, tarehe kamili ya mwisho ya deni zima, na kama asilimia 2 inahesabiwa kwenye jumla yote au kwenye bei ya bidhaa tu. Usimwombe akueleze maana ya masharti yake, kwa sababu atakurudishia maneno yale yale yaliyo kwenye ankara. Mwombe tarehe.

MtunzaVitabu_Vingunguti

Shikamoo Mzee, na ahsante sana. Nimeandika barua pepe hiyo sasa hivi. Nikisubiri majibu, naomba nielewe jambo moja. Nimeona mahali pengine watu wakihesabu siku 30 kutoka tarehe ya ankara kwanza, kisha ndipo wanasogea hadi mwisho wa mwezi. Kwa ankara yangu hiyo ingetoa tarehe 31 Agosti. Tofauti ni siku moja tu. Je, inastahili kuumiza kichwa?

Mzee_Mizania

Marahaba. Kwa ankara hii haistahili. Kwa ankara nyingine inastahili sana. Chukua ankara ya tarehe 30 Januari 2025. Ukienda mwisho wa mwezi kwanza unafika tarehe 31 Januari, ukiongeza siku 30 unafika tarehe 2 Machi. Ukianza na siku 30 unafika tarehe 1 Machi, na mwisho wa mwezi huo ni tarehe 31 Machi. Hapo mmekwishatofautiana kwa siku 29, na mteja anayejiona hana deni anaanza kupokea barua za ukali. Wafaransa wanaufahamu mkanganyiko huu vizuri. Kwao malipo ya siku 45 mwisho wa mwezi yametajwa katika sheria ya biashara, na hesabu zote mbili zinakubalika, mradi mnunuzi na muuzaji wamekubaliana watumie ipi.

Kuna jambo jingine kwa wauzaji wa Marekani. Ipo desturi ya zamani kwamba ankara iliyoandikwa kuanzia tarehe 26 ya mwezi huhesabiwa kama ya mwezi unaofuata. Si kila muuzaji anaifuata, kwa hiyo usiitegemee bila kuandikiwa, ila ikitokea ankara yenu inayofuata ni ya tarehe 27 au 28, ni halali kabisa kuuliza.

Kama unatumia Excel, weka tarehe ya ankara kwenye A2. Fomula ya kwanza ni ya punguzo, ya pili ni ya deni zima, na ya tatu ni ile hesabu nyingine, uiweke pembeni ili uone ankara zipi zinaleta ubishi:

```
=EOMONTH(A2,0)+10
=EOMONTH(A2,0)+30
=EOMONTH(A2+30,0)
```

Kijana_wa_Msimbazi

Sawa, nimeelewa kwamba si malipo ya awali. Lakini bado sioni faida. Muuzaji amekupa mwezi mzima wa kukaa na hela yake, wewe unakimbilia kumrudishia kwa sababu ya asilimia 2? Benki wanatoza asilimia 18 kwa mwaka. Mbili na kumi na nane wapi na wapi? Hiyo hela zungusha dukani.

Mzee_Mizania

Hapo unalinganisha asilimia mbili za siku chache na asilimia kumi na nane za mwaka mzima. Ukilipa tarehe 10 badala ya tarehe 30 Agosti, umetoa fedha siku 20 mapema, na kwa siku hizo 20 umelipwa asilimia 2. Kwa kila dola 98 unazotoa unaokoa dola 2; ukirefusha mwendo huo kwa siku 365 unapata kama asilimia 37 kwa mwaka. Ndiyo maana mhasibu aliyezoea ankara hizi huona kuliacha punguzo kuwa sawa na kukopa kwa asilimia 37 kutoka kwa muuzaji.

Sitaki hata hivyo umpelekee bosi hiyo 37, kwa sababu ni hesabu ya darasani. Fedha haitafika Marekani siku ile ile unayoitoa, na inawezekana punguzo halitagusa nauli na bima. Tusubiri jibu la muuzaji ndipo tuhesabu kwa namba zake.

Bi_Stoo

Mzee, mimi naomba niingize la kwangu. Ninapofanya kazi, ankara za nje zinawekwa kwenye faili la "mizigo njiani" na haziingizwi kwenye vitabu hadi kontena lifunguliwe na stoo ihesabu. Kwa utaratibu huo hakuna punguzo tulilowahi kulipata, kwa sababu kontena likifika tarehe zote zimekwishapita. Meneja anasema huwezi kulipia kitu ambacho hujakiona. Je, si kweli kwamba siku zingepaswa kuanza mzigo unapofika?

Mzee_Mizania

Zingepaswa kama mkataba ungesema hivyo. Wapo wauzaji wanaokubali kuandika kwamba siku zihesabiwe kutoka siku ya kupokea mzigo, na kwa nchi iliyo mbali na muuzaji kama yetu ni jambo la kuliomba wakati wa kujadili bei. Lakini lisipoandikwa, tarehe inayotawala ni ya ankara, na bahari haimhusu muuzaji.

Kuhusu kulipia usichokiona, hofu ya meneja wako si ya kipuuzi. Ukilipa mapema kisha ukakuta pampu sita zimevunjika, huna tena fedha ya kumshikia muuzaji, unabaki kumwomba. Kwa muuzaji mpya usiyemfahamu, asilimia 2 inaweza kuwa bei ndogo mno ya kuuza nguvu hiyo. Kwa muuzaji ambaye mmefanya naye kazi miaka kadhaa, naona meneja anapoteza fedha. Ila kuchelewesha kuingiza ankara kwenye vitabu ni suala lingine kabisa. Mzigo ambao hatari yake imekwishahamia kwenu tangu ulipopakiwa melini ni mali yenu na deni lenu, hata kama uko katikati ya bahari, na vitabu visivyouonyesha vina kasoro hata kama hakuna punguzo lolote.

MtunzaVitabu_Vingunguti (Alhamisi, 31 Julai)

Majibu yamekuja usiku wa kuamkia leo. Kwa ufupi, muuzaji anasema kwamba punguzo linaishia tarehe 10 Agosti na deni zima linaishia tarehe 30 Agosti. Asilimia 2 ni ya bidhaa tu, nauli na bima hazimo. Na ameongeza sentensi ambayo sikuitarajia: fedha iwe imeingia kwenye akaunti yao kufikia tarehe 10, siku tuliyotuma haihesabiwi. Kwa hiyo punguzo ni asilimia 2 ya dola 24,000, yaani dola 480, na tutalipa dola 25,120.

Ukaguzi_Ilala

Vizuri, nimekubali kwamba tarehe yangu haikuwa hiyo. Basi una siku 10 za kujipanga.

Dirisha_la_Fedha_za_Kigeni

Hana siku 10. Ninafanya kazi benki, kitengo cha malipo ya nje, na kila mwaka mwezi wa nane tunagombana na wateja kwa jambo hili hili. Tarehe 10 Agosti mwaka huu ni Jumapili. Tarehe 9 ni Jumamosi. Tarehe 8 ni Ijumaa, nayo ni Nane Nane, benki zimefungwa nchini kote. Marekani Ijumaa hiyo ni siku ya kazi kama nyingine, kwa hiyo fedha inaweza kuingia kwao siku hiyo, lakini haiwezi kutoka kwetu siku hiyo. Siku yako ya mwisho kabisa ya kutoa agizo ni Alhamisi tarehe 7, na benki nyingi hufunga kupokea maagizo ya siku hiyo ya dola mchana, si jioni.

Sasa, agizo la dola halirukii moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi benki ya muuzaji. Linapita kwenye benki ya Marekani ambako benki yako ina akaunti, na kutoka hapo linakwenda kwenye benki yake. Mara nyingi linafika siku hiyo hiyo au kesho yake, na mara nyingine linasimama siku mbili kwa sababu mtu wa ukaguzi kule anataka kujua pampu hizi ni za nini. Mimi nikikushauri, agizo liwe mezani kwetu Jumanne tarehe 5 Agosti asubuhi, likiwa na ankara na nakala ya hati ya meli, kwa kuwa mzigo haujafika na tutakuuliza.

Jambo la pili ni gharama za benki. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua OUR, SHA au BEN. Wateja wengi huacha SHA bila kufikiri. Ukiacha SHA, benki ya njiani inakata gharama yake kwenye fedha yenyewe. Tuseme imekata dola 25, muuzaji anapokea 25,095 badala ya 25,120. Wewe unajua umelipa sawasawa. Yeye anaona mteja aliyechukua punguzo kubwa kuliko alilopewa, na mfumo wake unaweza kusoma malipo hayo kuwa pungufu na kulifuta punguzo lote. Chagua OUR, yaani gharama zote unazibeba wewe, na umwambie afisa wako kwamba kiasi kamili lazima kifike. Malipo yakishatoka, omba nakala ya uthibitisho wa benki kwamba fedha imetumwa, umtumie muuzaji siku hiyo hiyo, na kwenye maelezo ya malipo andika namba ya ankara na maneno mafupi kwamba dola 480 zimekatwa kwa punguzo.

MtunzaVitabu_Vingunguti

Ndugu wa dirishani, umeniokoa. Sikuwa nimeangalia kalenda. Mzee, sasa namba zimekamilika. Nimpelekee bosi hesabu gani? Dola tunazo kama elfu tisa tu, nyingine tutazipata kwa kutumia ovadrafti ya kampuni.

Mzee_Mizania

Kwanza weka sawa siku. Ukilipa kwa punguzo fedha inatoka tarehe 5 Agosti. Ukilipa bila punguzo, tarehe 30 Agosti ni Jumamosi, kwa hiyo agizo litatoka kama Jumatano tarehe 27. Tofauti ya kweli ni siku 22, si 20.

Sasa chukulia hali mbaya kuliko yenu, kwamba dola zote 25,120 zimetoka kwenye ovadrafti kwa asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya siku 22 ni 25,120 mara 0.18 mara 22, ugawe kwa 365, nayo inatoa dola 272 na ushei. Punguzo ni dola 480. Mnabaki na kama dola 207 mkononi hata baada ya kuilipa benki. Gharama ya kutuma fedha ni ile ile mkilipa tarehe 5 au tarehe 27, kwa hiyo iache nje ya hesabu. Ukiiweka kwa kipimo cha mwaka, 480 juu ya 25,120 kwa siku 22 ni kama asilimia 32, na hiyo ndiyo umpelekee bosi badala ya 37. Kilichoishusha ni nauli isiyopata punguzo pamoja na kalenda.

Kwa riba yoyote iliyo chini ya hiyo 32, kukopa ili kupata punguzo kunalipa. Kama ovadrafti imejaa na fedha hiyo ingetoka kwenye mshahara wa vijana wa karakana, basi swali si la asilimia tena na jibu langu ni kwamba msubiri tarehe 30.

Kijana_wa_Msimbazi

Na kama fedha ile ukiizungusha dukani inazaa zaidi ya asilimia 2 kwa siku 22? Mimi mzigo wa pikipiki unanizalia zaidi ya hapo.

Mzee_Mizania

Kama kweli inazaa, na mzigo huo ungenunuliwa na kuuzwa ndani ya siku hizo 22 na fedha ikarudi mkononi, usichukue punguzo. Wengi wanaosema hivyo hawahesabu mzigo uliolala.

MtunzaVitabu_Vingunguti

Bosi amekubali tulipe tarehe 5. Swali langu la mwisho ni la vitabu. Leo tarehe 31 Julai ninafunga mwezi. Ankara niingize kwa 25,600 au 25,120? Na punguzo nikilipata niliandike wapi?

Ukaguzi_Ilala

Ingiza 25,600, kwa sababu punguzo bado hujalipata. Ukishalipa, dola 480 unaziandika kuwa mapato mengine, "punguzo lililopokelewa". Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo programu nyingi za hesabu zinavyofanya zenyewe.

Mzee_Mizania

Nusu ya kwanza ninakubaliana nayo: ingiza 25,600 leo. Nusu ya pili hapana. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha hesabu za bidhaa zilizo stoo, fungu la 11, inataka punguzo la kibiashara na mengine yanayofanana nalo yaondolewe kwenye gharama ya kununua bidhaa, na punguzo la kulipa mapema limo humo. Hujauza kitu kwa kulipa mapema. Umenunua pampu kwa bei ndogo zaidi. Kama kampuni inafunga hesabu kwa viwango vya kimataifa, dola 480 zinashusha gharama ya pampu zilizo stoo, na zikiwa zimekwishauzwa zinashusha gharama ya mauzo. Kwenu ni rahisi, kwa sababu tarehe 5 Agosti pampu zote zitakuwa bado baharini; punguzo zima linaingia kwenye gharama ya mzigo njiani. Programu ikiliandika kwenye mapato, badilisha akaunti kwenye mipangilio yake.

Ukaguzi_Ilala

Kwa kiasi kidogo kama hicho hakuna mkaguzi atakayesumbuka.

Mzee_Mizania

Kwa ankara moja, labda. Kwa kampuni itakayonunua kwa masharti haya kila mwezi, faida ghafi itakuwa inaonekana ndogo kuliko ilivyo mwaka mzima, na bosi atapanga bei za pampu kwa kufuata namba isiyo sahihi.

MtunzaVitabu_Vingunguti

Na shilingi je? Ankara niliibadilisha kwa kiwango cha siku mzigo ulipopakiwa, ambayo ni siku hiyo hiyo ya ankara.

Mzee_Mizania

Nitumie viwango vya mfano, wewe weka vyako vya kweli. Tuseme siku ya ankara dola ilikuwa shilingi 2,600, leo mwisho wa mwezi ni 2,560, na siku ya kulipa itakuwa 2,550. Deni liliingia kwa shilingi 66,560,000. Leo unalipima upya kwa 2,560 na linakuwa 65,536,000; tofauti ya 1,024,000 ni faida ya kubadilisha fedha ya mwezi Julai. Mzigo wenyewe haupimwi upya, unabaki kwa 2,600. Tarehe 5 unatoa dola 25,120 kwa 2,550, yaani shilingi 64,056,000. Deni lililobaki kwenye vitabu linazidi malipo kwa shilingi 1,480,000, na kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kuitupa yote kwenye faida ya kubadilisha fedha. Humo ndani lazima utenganishe punguzo na mabadiliko ya shilingi.

Ukaguzi_Ilala

Hapo nina hoja. Dola 480 zinashusha gharama ya mzigo kwa kiwango kipi? Punguzo limepatikana siku ya malipo, kwa hiyo ni 480 mara 2,550, yaani shilingi 1,224,000, na zilizobaki 256,000 ndizo faida ya kubadilisha fedha ya Agosti.

Mzee_Mizania

Mimi ningetumia 2,600, yaani shilingi 1,248,000, kwa sababu gharama unayoishusha iliingia kwa 2,600 na dola 480 ambazo hukuwahi kuzilipa haziwezi kukupa faida ya kubadilisha fedha. Hapo faida ya Agosti inakuwa 232,000.

Ukaguzi_Ilala

Lakini tarehe 31 Julai dola hizo zilikuwa deni halali kwenye vitabu, na ulizipima upya pamoja na nyingine. Huwezi kurudi nyuma mwezi uliokwisha kufungwa ukasema hazikuwapo.

Mzee_Mizania

Sirudi nyuma, ninasahihisha Agosti. Tumebishania shilingi 24,000, ndugu yangu, na kila mmoja ana mahali pa kusimama. Mtunza vitabu achague njia moja, aiandike kwenye sera ya hesabu, na aitumie kwa ankara zote.

Dirisha_la_Fedha_za_Kigeni

Nakukumbusha tu jambo moja, MtunzaVitabu: fomu ya malipo ya nje inataka saini mbili za waliosajiliwa benki. Hakikisha wote wawili wapo Dar es Salaam Jumatatu tarehe 4, maana wiki ya Nane Nane watu husafiri.

MtunzaVitabu_Vingunguti

Mmoja wao ni bosi mwenyewe, na amesema Jumatatu mchana anaondoka kwenda Dodoma kwenye maonyesho. Fomu nitampelekea asubuhi hiyo kabla hajaondoka.